Panorama ya ikwirektangula kwa tua ya 360: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mishono ya nchani

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaotengeneza tua za 360, na karibu yote yanaishia sehemu mbili tu za picha: juu kabisa na chini kabisa, ndo ninazoziita ncha. Nimeyajibu kwa urefu pale penye kazi, penye jambo dogo nimepita haraka.

Nikifungua faili bapa kwenye kompyuta naiona safi kabisa, mbona nikiiweka kwenye tua nikatazama juu naona kitu kama nyota au kimbunga darini?

Kwa sababu faili bapa inakudanganya pale juu. Ikwirektangula ni tufe lililokunjuliwa: upana wote ni digrii 360, kimo ni digrii 180, ndo maana uwiano ni 2 kwa 1. Sa kwenye tufe halisi mistari ya latitudo inazidi kuwa mifupi kadiri unavyopanda, lakini kwenye faili bapa kila mstari umepewa urefu uleule. Yaani mstari wa katikati na mstari wa juu kabisa yote ina pikseli sawa.

Chukua panorama ya 8000 kwa 4000, ndo nitakayoitumia mpaka mwisho. Digrii moja hapo ni kama pikseli 22. Ukipanda mpaka digrii 80, ule mzunguko kihalisia una thamani ya pikseli kama 1390 tu, ila umevutwa ujaze 8000. Ukifika digrii 89 umebaki na kama 140. Na mstari wa kwanza kabisa juu, pikseli zake zote 8000 zinaeleza kiduara chenye mzunguko wa pikseli kama 3. Kwa hiyo kosa ambalo kwenye bapa unaliona kama wingu jepesi lililotandazwa kwa upana, kitazamaji kikilikusanya tena linakuwa kitu kimoja kidogo kilichobanwa, na michirizi yote inaelekea katikati, ndo hiyo nyota yako.

Kwa hiyo usihukumu ncha ukiwa kwenye faili bapa, kamwe. Itazame ndani ya kitazamaji, shingo imeelekezwa juu kabisa, afu chini kabisa, afu zungusha taratibu.

Nitajuaje kama kosa limetoka kwenye kupiga picha au limetoka kwenye kompyuta?

Hili ndo swali ningependa kila mtu aanze nalo, maana watu wanakesha wakirekebisha pointi za kuunganishia fremu kumbe pointi hazina shida, na wengine wanapaka rangi juu ya kosa ambalo lingeondoka lenyewe kwa kurenda upya.

Kipimo ni hiki: geuza panorama nzima digrii 90 kwa kimo kabla ya kurenda, ili ncha ihamie kwenye mstari wa katikati ambako hakuna mvuto wowote. Kwa Hugin, softwea ya kushona panorama, unafanya hivi:

```
pano_modify --rotate=0,90,0 --output=geuza.pto mradi.pto
nona -m TIFF_m -o g_ geuza.pto
enblend --wrap=horizontal -o geuza.tif g_*.tif
```

Ncha moja itakuja katikati ya picha, nyingine itaenda ukingoni, ukiitaka hiyo nyingine weka -90. Sasa angalia pale ncha ilipohamia. Kama ubao wa dari au mstari wa vigae bado umekatika, umehama kwa kipimo kilekile, basi picha zako zenyewe hazikubaliani, kamera ilisogea au pointi zimewekwa vibaya. Kama ile nyota imepotea na pamekuwa laini, basi picha zako ziko sawa na tatizo ni la kublendi.

Sababu yake ni rahisi ukiiona mara moja. Softwea ya kublendi kama enblend inafanya kazi kwenye picha bapa, inalainisha mpito kati ya fremu kwa kuangalia pikseli jirani. Ile `--wrap=horizontal` inaiambia kwamba ukingo wa kushoto na wa kulia vimegusana. Lakini hakuna kinachoiambia kwamba pale nchani pikseli iliyo mbele na ile iliyo nyuma pia zimegusana, ambapo kwenye bapa ziko mbali kwa pikseli 4000. Yenyewe inaziona ni wageni, inalainisha kila moja kivyake, na zikikutanishwa kwenye tufe rangi zinagongana.

Na kile kilichogeuzwa si kipimo tu, unaweza kukitumia kama kazi yenyewe: blendi ikiwa imegeuzwa, afu chukua kiraka cha ncha kutoka hapo. Angalia tu kwamba ncha mpya, ambazo zamani zilikuwa usawa wa macho, zimeangukia katikati ya fremu moja na si kwenye mshono, la sivyo umehamisha ugonjwa tu.

Mbona ukutani inashona vizuri ila darini na sakafuni mistari inakatika?

Kwa sababu dari na sakafu ziko karibu. Hiyo ni paralaksi, yaani kitu cha karibu kinaonekana kimehama kamera ikisogea, na ukiiona kwa namba utaielewa.

Tuseme umeweka kamera kwenye kichwa cha panorama, unapiga fremu 6 kuzunguka, kila moja digrii 60, na ile sehemu ya lenzi inayotakiwa kukaa juu ya mhimili wa kuzungukia imepishana kwa milimita 5. Kwa digrii 60, fremu mbili zinazofuatana zinakuwa zimepigwa kutoka sehemu mbili zilizoachana milimita 5 pia. Kitu kilicho ukutani mita 4 kutoka hapo kitahama pikseli chini ya 2 kwenye ile panorama yetu ya 8000, hakuna mtu atakiona, kublendi kutakimeza. Sakafu iliyo mita 1.5 chini ya lenzi itahama mpaka pikseli 4. Dari iliyo mita 1.2 juu ya lenzi itahama mpaka 5. Mstari wa kigae ukihama pikseli 4 unaonekana.

Afu kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Ukutani, fremu inakutana na jirani yake tu. Nchani, kama fremu zote sita zinafika pale, inakutana mpaka na ile iliyopigwa ikiangalia upande wa pili kabisa, na hizo mbili zimeachana milimita 10, si 5. Darini hiyo ni kama pikseli 10 au 11. Kosa lilelile la kichwa, ila nchani limekuwa mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu softwea, rekebisha reli ya kichwa. Simamisha fimbo nyembamba karibu na kamera na kitu kilichosimama wima mbali, zungusha kamera mpaka vyote viwe kushoto mwa fremu afu kulia, na sogeza reli mpaka fimbo isihame ukilinganisha na kile cha mbali. Kwa lenzi ya jicho la samaki fanya hivyo kwenye pembe ile ambapo mshono utakaa, kwa fremu 6 ni kama digrii 30 kutoka katikati ya lenzi, kwa sababu kwenye lenzi hizi ile sehemu haitulii mahali pamoja, inasogea mbele kadiri mwanga unavyoingia kwa pembeni zaidi.

Nikiinamisha kamera juu kidogo fremu sita zikafunika mpaka dari, si nitaokoa ile picha ya juu?

Utaokoa sekunde kumi na kupoteza saa moja. Nitaeleza kazi moja niliyoipokea nirekebishe, maana inaonyesha kila kitu.

Chumba cha mikutano, dari la mbao, mbao nyembamba zenye mistari iliyonyooka kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Mpigapicha alitumia lenzi ya jicho la samaki, kamera imesimama wima, ameiinua digrii kama 20 ili fremu sita zigusane juu, picha ya kwenda juu hakuipiga. Kwenye bapa palionekana pako sawa. Ndani ya kitazamaji, juu kabisa palikuwa kama keki iliyokatwa vipande sita, kila kipande kina mbao zake, na mbao za kipande kimoja hazikutani na za kingine. Nikageuza digrii 90 kama nilivyoeleza hapo juu, mbao bado zimekatika. Basi, paralaksi.

Kilichotokea ni vitu vitatu kwa pamoja. Fremu zote sita zilikutana kwenye nukta moja, hivyo zile zinazotazamana zilipishana mara mbili. Kila fremu ilichangia pale juu ukingo wake wa mwisho kabisa, ambako lenzi ya jicho la samaki ina ukungu na rangi zinaachana. Na yeye kichwa chake alikirekebisha vizuri, ila kwa mishono ya ukutani, digrii 30 kutoka katikati ya lenzi, wakati pale darini mwanga ulikuwa unaingia kwa pembe ya kama digrii 70, ambapo ile sehemu ya lenzi imeshasogea. Yaani alikuwa na kichwa sahihi kwa ukuta na kichwa kisicho sahihi kwa dari, kwa wakati mmoja.

Bahati nzuri chumba kilikuwa kinafikika, akarudi. Safari hii alipiga sita kamera ikiwa sawa na upeo wa macho, na moja ikitazama juu digrii 90. Sasa ncha ya juu imo katikati ya fremu moja, ambako lenzi ni kali, na mshono umeteremka mpaka kama digrii 60 au 65, ambako mzunguko bado una pikseli za kutosha na enblend inafanya kazi yake vizuri. Hakuna mshono unaopita nchani kwa hiyo hakuna cha kukatika pale.

Hiyo ndo kanuni ninayoisimamia: ncha iwe ndani ya fremu moja, mshono ukae mbali nayo. Kama softwea inang'ang'ania kuleta mshono juu, weka maski. Kwenye Hugin kichupo cha Masks unachora kwenye zile fremu sita eneo la juu na kulitoa, au kwenye fremu ya juu unachora duara la katikati na kuchagua aina ya kulazimisha litumike. PTGui, softwea nyingine ya kushona, nayo ina maski za rangi mbili, nyekundu kuficha na kijani kulazimisha.

Nje, anga ni jeupe au bluu tupu, softwea haipati pointi yoyote kwenye picha ya juu. Nafanyaje?

Usiweke pointi za kubahatisha kwenye mawingu, mawingu yanatembea kati ya fremu moja na nyingine. Kama kichwa chako kina vituo vya kubofya na fremu ya juu ulipiga kwa digrii 90 bila kuzungusha tripodi, basi tayari unajua iko wapi: Pitch ni 90, Yaw ni ileile ya fremu uliyoanzia. Iandike kwa mkono na usiiruhusu optimaiza iiguse. Anga halina mistari, likipishana pikseli kadhaa hakuna atakayejua.

Kinachoonekana angani ni mwanga, si mpishano. Funga ekspoja, funga baransi ya nyeupe, funga fokasi, vyote kwa mkono, kwa fremu zote pamoja na ile ya juu. Na filta ya polaraiza itoe kabisa, kwa sababu inatia giza sehemu fulani tu ya anga kulingana na jua lilipo, ukizungusha kamera kila fremu inapata giza lake na hakuna kublendi kutakakolisawazisha.

Chini kuna tripodi. Picha ya sakafu napigaje ili iingie bila kukatika?

Kwanza, weka alama sakafuni chini ya tripodi, hata kipande cha utepe. Ondoa tripodi, shika kamera kwa mkono au kwa fimbo, lenzi ikitazama chini, kadiri uwezavyo iwe juu ya ile alama na kwa kimo kilekile. Piga tatu nne. Miguu yako isiingie.

Sasa kamera haikuwa pale ilipokuwa mwanzo, kwa hiyo ukiiunganisha kama fremu ya kawaida lazima ikatike. Inabidi uiambie softwea kwamba fremu hii imepigwa kutoka sehemu nyingine. Kwenye PTGui, kwenye kichupo cha Optimizer, unawasha Viewpoint kwa fremu hiyo peke yake. Kwenye Hugin ubapa wa hesabu hii uko mbele, si chini, kwa hiyo kwanza geuza panorama ili sakafu ije katikati, afu unaruhusu X, Y na Z za fremu hiyo pamoja na Yaw, Pitch na Roll zake, zile nyingine zote unaziacha zilivyo maana ulishazipanga.

Halafu pointi, na hapa ndo wengi wanakosea. Hesabu hii inadhani kila kitu kiko kwenye ubapa mmoja, yaani sakafu. Pointi moja tu ikiwa kwenye mguu wa kiti, juu ya zulia nene, au kwenye ukuta, itavuta fremu nzima. Futa zote zilizowekwa zenyewe, weka zako kwa mkono, saba au nane, kwenye makutano ya vigae au madoa ya sakafu, zisambae pande zote na zisirundikane upande mmoja. Ukishaoptimaiza, ikiwa kosa limebaki pikseli moja au mbili uko vizuri. Likibaki kumi, tafuta pointi ambayo haiko sakafuni, ipo.

Mwisho maski: kwenye fremu za kuzunguka ficha miguu ya tripodi na kivuli chake, kwenye fremu ya chini bakiza tu eneo dogo linalohitajika. Usiwe na tamaa ya kutumia fremu yote. Kadiri kiraka kinavyokuwa kidogo ndivyo kuna nafasi ndogo ya kitu kisicho bapa kuingia.

Kwenye nyasi ndefu, ngazi au mawe yaliyoinuka njia hii haifiki mbali, kwa sababu hakuna ubapa. Hapo shusha matarajio, tumia brashi ya kukopi.

Kumebaki kadoa kadogo nchani. Naweza kukafuta moja kwa moja kwenye faili bapa?

Hapana, tafadhali. Brashi ya duara kwenye bapa pale juu inakuwa mchirizi kama kabari kwenye tufe. Toa ncha kama uso wa mchemraba, ifanyie kazi ikiwa imenyooka, irudishe.

Ukubwa wa uso ni upana wa panorama ugawe kwa 3.14, kwa hiyo 8000 inakupa 2546. Ukiweka mdogo zaidi unapoteza makali, ukiweka mkubwa sana haupati kitu kipya. Andika faili inayoitwa `toa.pto` yenye mistari miwili:

```
p f0 w2546 h2546 v90 n"TIFF"
i f4 w8000 h4000 v360 r0 p90 y0 n"pano.tif"
```

Hapo `f4` inasema picha inayoingia ni ikwirektangula, `f0` inasema inayotoka ni ya kawaida iliyonyooka. Ukiirenda kwa `nona -o chini toa.pto` utapata `chini.tif`, sakafu kama unavyoiona ukisimama juu yake ukainama. Ukiona dari badala ya sakafu, badilisha alama ya `p90`. Sasa vigae ni mraba, brashi ni duara, na kosa unaliona lilivyo. Futa, kopi, weka kiraka, lakini usiguse ukingo wa picha, acha kama pikseli 200 kila upande kama zilivyo ili zikirudi zikutane na za zamani bila alama.

Kurudisha, `rudisha.pto`:

```
p f2 w8000 h4000 v360 n"TIFF_m"
i f0 w2546 h2546 v90 r0 p-90 y0 n"chini.tif"
```

Inatoka panorama tupu yenye sakafu peke yake. Iweke kama leya juu ya `pano.tif`, na kwenye maski ya leya bakiza lile eneo ulilogusa tu. Nasisitiza hili kwa sababu kila ukizungusha picha pikseli zinahesabiwa upya na makali yanapungua kidogo. Hakuna haja sakafu nzima ilainike kwa sababu ya kadoa kamoja, na ndo maana pia sishauri kupitisha panorama yote kwenye mchemraba na kuirudisha.

Panorama ilikuwa safi, nikainoa na kuondoa chengachenga, nyota ikarudi. Kwa nini?

Kwa sababu filta nayo inafanya kazi kwenye bapa. Ukiinoa kwa kipimo cha pikseli 2, usawa wa macho ni pikseli 2 kweli, lakini nchani zile pikseli 2 za upana ni sehemu ndogo mno ya pikseli halisi huku za kimo zimebaki 2. Inanoa upande mmoja tu, na ikikusanywa ni michirizi ya kuelekea katikati. Filta za kuongeza kontrasti ya eneo ndo mbaya zaidi maana zinaangalia mbali, na zinaacha pia mstari wima pale ukingo wa kushoto na kulia unapokutana, kwa kuwa hazijui kama vimegusana.

Kwa hiyo fanya kazi hizo kwenye fremu moja moja kabla ya kushona, zote kwa mpangilio mmoja. Kama lazima uzifanye mwisho, zifanye kwenye nyuso sita za mchemraba, au weka maski ili filta iishie digrii 70 juu na chini. Kukagua ule mstari wima, sogeza panorama nusu ya upana ili ukingo uje katikati:

```
magick pano.tif -roll +4000+0 kagua.tif
```

Kubadili rangi au mwangaza wa picha nzima hakuna shida, kwa sababu kunagusa kila pikseli peke yake bila kuangalia jirani.

Natumia kamera ndogo ya lenzi mbili, haina kichwa wala fremu za kupanga. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. Kamera hizo zina lenzi mbili zilizopeana mgongo, na mshono wake ni duara linalopita kati ya lenzi moja na nyingine. Kamera ikisimama wima, duara hilo linapita juu kabisa na chini kabisa, yaani mshono unakatiza ncha zote mbili, kila wakati. Lenzi zenyewe zimeachana kidogo, kwa hiyo kitu cha karibu kinachoangukia kwenye duara hilo lazima kipishane.

Huwezi kuuondoa mshono ila unaweza kuchagua utakapopita. Zungusha kamera ili lenzi moja itazame kitu cha karibu, meza au nguzo, na ule ubavu mwembamba uelekee mahali palipo wazi. Juu, usiisimamishe moja kwa moja chini ya taa au feni, sogea nusu mita. Kibaki kidogo kinachosalia kitengenezee uso wa mchemraba kama nilivyoeleza.

Faili nimeikagua kote iko safi, lakini kwenye kitazamaji kuna mstari mwembamba kutoka juu mpaka chini, na dari linakuwa na mikunjo kama pembetatu.

Hayo ni ya kitazamaji, picha yako iache. Mstari unatokea pale kitazamaji kinapohesabu longitudo kwa kila pikseli: kwenye digrii 180 namba inaruka ghafla kutoka mwisho hadi mwanzo, kadi ya picha inadhani picha imefinywa sana pale na inachukua nakala ndogo kabisa yenye ukungu. Kwenye three.js zima nakala hizo:

```
texture.generateMipmaps = false;
texture.minFilter = THREE.LinearFilter;
```

Ile mikunjo ya pembetatu inatokana na tufe lenye vipande vichache, ongeza vipande vyake na itanyooka. Au geuza panorama iliyokamilika kuwa nyuso sita za mchemraba na uzitume hivyo, vitazamaji vya Marzipano na Pannellum vyote vinapokea, na kwenye mchemraba juu na chini ni picha mbili za kawaida ambazo katikati yake hapajavutwa kabisa. Ukienda njia hiyo hifadhi nyuso kwa ubora wa juu wa JPEG, kwa sababu kila uso unabanwa peke yake na ubora ukishuka ukingo wa dari unaanza kuonekana pale unapokutana na kuta.